Quruu Tatu

Ugomvi wetu ulianza na pasi, tena pasi yangu mwenyewe. Mume wangu ni fundi redio, mtu anayezungumza na nyaya zaidi kuliko anavyozungumza na watu. Asubuhi moja alipita mlangoni pa chumba changu cha kufulia akasema, "Pasi nimeazima kwa jirani," kisha akaenda zake. Nikafurahi. Mimi ni dobi, na pasi yangu ilikuwa imeanza kuacha alama za kahawia kwenye nguo za watu, nikadhani kaniletea ya pili. Kumbe alikuwa ameitoa ile ile yangu akampa jirani. Nguo za harusi zinanisubiri na makunyanzi yake, na pasi iko nyumba ya pili inanyoosha kaptura.

Neno ni moja. Anayetoa anaazima, na anayepokea anaazima. Hata hiyo "kwa jirani" inaweza kuwa kwenda au kutoka. Angetia kaherufi kamoja tu, akasema "nimemwazima", tungesalimika. Nilimwambia hivyo, nikamwambia na mengine, maana ulimi wangu ukishateremka mlima hauna breki. Yeye akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nimekuacha," akaenda kukaa kwenye karakana yake kama mtu aliyesahau kilichompeleka huko.

Ilikuwa talaka moja, ile wanayoiita rejea. Maana yake ni kwamba mpaka eda, ule muda wa kungoja wa mwanamke aliyeachwa, iishe, mume ana haki ya kusema "nimekurejea", na mke anarudi kuwa mke. Hakuna ndoa mpya, hakuna mahari, wala haulizwi mke anasemaje. Na mke huyo hatolewi nyumbani, eda anaikaa humo humo. Basi nikahamia chumba cha mama mkwe, nikaendelea kufua.

Siku za eda zina usingizi wake. Wewe si mke na si mtu wa nje. Nilikuwa naingiza shuka kwenye maji ya moto, mvuke unapanda, na ndani ya mvuke nasikia kikohozi chake upande wa pili wa ukuta nisijue ni cha leo au cha mwaka tulipooana. Mchana nilikuwa nasinzia juu ya rundo la taulo, na ndoto ilikuwa ile ile. Ninakunja shuka kubwa na mtu. Nimeshika ncha mbili na yeye kashika mbili, tunasogeleana, lakini shuka imenyanyuka juu na uso wake siuoni. Kila nikitaka kuuliza "wewe nani?" naamka na taulo mdomoni.

Nilimngoja aseme. Nitalisema wazi: nilitaka aje aniulize kama namtaka. Hedhi ya kwanza ikaja ikapita, ya pili ikaja ikapita, naye anatengeneza redio. Kimya chake kikanitia uchungu, na uchungu ukageuka kiburi. Nikasema moyoni, eda ikiisha naondoka, nisirudi kuwa kitu cha kurejeshwa kabatini bila kuulizwa.

Asubuhi moja, nikiwa nimeinamia beseni, nikaiona damu ya tatu. Nilivyofundishwa kwetu, eda imekwisha pale pale. Nikafuta mikono, nikamuaga mama mkwe, nikabeba begi langu na pasi yangu mpaka kwa shangazi.

Jioni mume wangu alikuja na mashahidi wawili na ami yake, mzee anayesomesha fikihi, yaani sheria za dini, mpole na mwenye ndevu za kunyooka kama zimepigwa pasi. Mume wangu akasimama mlangoni akasema kwa sauti ya mtu aliyekariri njia nzima, "Nimekurejea."

"Umechelewa," nikamwambia. "Eda imeisha asubuhi."

"Haijaisha, binti yangu," ami akasema. "Damu ya tatu ndiyo kwanza imeanza. Mpaka ikatike na uoge."

Shangazi alishika kiuno. "Jamani! Mtoto wa watu ni mke au si mke?"

Wote wawili, mimi na ami, tulikuwa tumesoma, kila mmoja kwa walimu wake. Mimi ni wa madhehebu ya Shafii, wao ni Hanafi. Tangu tuoane tofauti hiyo haikuwahi kutusumbua zaidi ya namna ya kufunga mikono kwenye sala.

Tukapeleka shauri kwa kadhi, na siku zile za kungojea kesi nilizidi kuishi ndotoni. Sijapata kuona jambo kama lile: katika kitabu kimoja mimi ni mke wa mtu, katika kingine niko huru, na mwili ni huu huu mmoja unaoanika mashuka. Nikikutana na mume wangu njiani, sikujua nimsalimie kama nani. Naye alikuwa anainamisha kichwa tu, kashika redio kifuani.

Chumba cha kadhi kilikuwa na benchi refu, feni inayolia, na pazia lililopigwa pasi vibaya mpaka likanikera. Kadhi alikuwa mwanamume mnene mwenye macho ya usingizi. Alisikiliza, kisha akavua miwani.

"Ugomvi wenu ni wa zamani kuliko sisi sote," akasema. "Aya inasema walioachwa wangoje quruu tatu. Na katika Kiarabu neno hilo lina maana mbili zinazopingana. Ni hedhi, na ni twahara, yaani ule usafi ulio kati ya hedhi na hedhi."

"Kama azima," nikajikuta nimesema.

Mume wangu akainua kichwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu siku ile.

"Kama azima," kadhi akakubali, akatabasamu. "Sasa Shafii na Maliki wamesema quruu ni twahara. Huyu aliachwa akiwa twaharani?"

"Ndiyo," mume wangu akasema. "Wala sikuwa nimemgusa katika usafi ule."

"Basi kipande cha twahara ile kilichobaki kinahesabiwa ya kwanza. Baada ya hedhi, twahara ya pili. Baada ya hedhi nyingine, twahara ya tatu. Damu ya tatu ikichungulia tu, tatu zimetimia. Lakini Hanafi, na Hanbali kwa kauli yao yenye nguvu, wamesema quruu ni hedhi. Kwao damu ya tatu ndiyo yenyewe inayohesabiwa, haitoshi kuanza, sharti iishe. Aliporejewa, alikuwa katikati ya pengo hilo. Mzee, sema hoja yenu."

Ami akajisogeza mbele ya benchi. Sikutaka kumpenda, lakini alizungumza vizuri. "Sheikh, Mungu kasema tatu. Tatu ni tatu, si mbili na kipande. Mkihesabu twahara iliyokwisha kuanza, mmepunguza. Tena wanawake waliokatikiwa na hedhi wamewekewa miezi mitatu, kwa hiyo miezi imekaa mahali pa hedhi. Na Mtume alimwambia mwanamke aache sala siku za quruu zake. Sala inaachwa kwenye twahara? Na eda inakusudia kujua kama tumbo ni tupu, na kinacholijulisha ni damu."

"Zote hoja nzito," kadhi akasema. "Na wenzenu wanajibu. Aya nyingine imeamrisha mwanamke aachwe kwa wakati wa eda yake, na wakati halali wa kuachwa ni twahara, kwa hiyo eda ni twahara. Bi Aisha naye kasema quruu ni twahara. Halafu kuna lile neno tatu." Akanigeukia, kwa kuwa niliona haya kuuliza. "Sisi ukisikia 'vitatu' unajua si watu, ukisikia 'watatu' unajua si vikombe. Kiarabu nacho kina mambo yake. Tatu ya aya ile imevaa herufi ya mwisho inayovaliwa wakati kinachohesabiwa ni cha kiume. Twahara kwao ni neno la kiume, hedhi ni la kike."

"Lakini neno quruu lenyewe ni la kiume, hata likimaanisha hedhi," ami akasema haraka. "Tatu imefuata neno, haikufuata maana."

"Nalo ni jibu," kadhi akasema, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaokipenda kitu kimoja. Mimi sikucheka. Maisha yangu yalikuwa yananing'inia kwenye herufi, na feni inalia.

Kadhi akavaa miwani. "Mahakama hii inahukumu kwa Shafii, na hukumu ya kadhi huondoa khitilafu ya wanazuoni. Limebaki moja, nalo halimo kitabuni. Binti yangu, mwanamke ndiye anayesadikiwa kwa mwili wake, na ni haramu kwake kuficha. Damu ilianza kabla hajasema 'nimekurejea', au baada?"

Wote hao wasomi, na sasa hakuna aliyejua ila mimi. Ningesema "baada", hata kwa Shafii ningekuwa mke wake, na mama mkwe angepika furaha nzima. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anapindapinda kipande cha waya kidoleni. Nilimpenda, na nilijua nikidanganya nitarudi kwa mtu ambaye hakuniuliza.

"Kabla," nikasema. "Asubuhi, nikiwa kwenye beseni."

"Ikaendelea mchana na usiku? Haikuwa tone likakatika?"

"Iliendelea, Sheikh. Ilikuwa hedhi ile niijuayo."

"Basi eda ilikuwa imeisha, na kurejea kwake kumekuta mlango umefungwa. Akikutaka, na achumbie upya, kwa mahari, walii na ridhaa yako. Mzee, umeridhika?"

"Hukumu ni hukumu," ami akasema, akainama.

Nilitoka nje na jua likanichoma macho. Nilidhani nitafurahi, na nilikuwa nalia. Nyayo zikanifuata, nikazijua.

"Mimi nilifikiri nimekuazima kwa shangazi siku mbili tatu," mume wangu akasema. Mume wangu, au sijui nimwite nani.

"Uliniazima kwa kutoa, au kwa kupokea?"

Akatafuta jibu kwenye waya wake, akakosa, akauweka mfukoni. "Sijui kusema," akasema. "Nilikaa karakana siku zote zile natafuta namna ya kusema. Ami akaniambia neno moja linatosha, nikashukuru, maana ndilo pekee nililolimudu." Akanisogelea hatua moja. "Unanitaka?"

Ndilo hilo. Lilikuwa neno dogo hivyo, na nilikuwa nimelingoja kuanzia damu ya kwanza. Lakini ulimi wangu mnaujua.

"Nenda kakae eda kwanza," nikamwambia.

"Mimi?"

"Wewe. Quruu tatu."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu kisa cha pasi nikaona meno yake. "Kwa madhehebu ya nani?"

"Yangu," nikasema. "Na eda hiyo mimi ndiye ninayejua imeisha lini."

Akakaa kwenye ngazi ya mahakama, pale pale, akaanza kungoja.