Mwewe Aliyekataa Kukaa

Nilimkataza mapema, tena kwa upole. Nilimwambia Swali, ndivyo tunavyomwita msichana wa dawati la mbele ambaye mdomo wake haujui likizo, kwamba leo mkaguzi anakuja, kwa hiyo asiulize chochote hadi mgeni atoke mlangoni. Aliahidi. Mwaka wa tatu huu nafundisha kwa barua ya muda, na kila jioni mama yangu ananiuliza kama nimethibitishwa kazini, mpaka nachoka kurudi nyumbani. Somo hili moja ndilo lingeamua.

Nilikuwa nimejiandaa vya kutosha. Kadi saba nimezikata kwenye maboksi ya viatu: nyasi, panzi, panya, chura, mjusi, nyoka, mwewe. Na bunda la uzi mwekundu wa kufumia. Watoto saba walisimama duara, wengine wakabanana ukutani. Tukaanza na mnyororo: panzi anakula nyasi, chura anakula panzi, nyoka anakula chura. Kisha tukapeleka uzi uleule huku na huko, kutoka kwa kinacholiwa kwenda kwa anayekula, hadi ukawa utando. Nyoka wetu chakula chake kilikuwa chura tu. Mwewe, ambaye ndiye Swali, alikuwa na vyakula vitatu: chura, panya na mjusi.

Sheria yangu ilikuwa rahisi. Ukihisi uzi umevutwa, unakaa chini.

Nikamtoa chura. Akavuta uzi, akakaa. Panzi akakaa, nyoka akakaa, mjusi akakaa, nyasi zikakaa, mpaka panya, ambaye na chura hawajuani hata kwa salamu. Mkaguzi aliyekuwa nyuma ya darasa akatikisa kichwa kwa kuridhika, kalamu inakimbia. Nikawatangazia watoto kwamba mmoja akitoweka, wote wanaangamia.

Mwewe bado alikuwa amesimama.

Nilimkata jicho. Hakutikisika, wala hakusema neno, maana ahadi ni ahadi. Mkaguzi akanyanyua kichwa, akamuuliza kwa nini hakai na wenzake. Mtoto akanitazama mimi. Hapo nikajua nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nikamruhusu.

"Sema, mwanangu."

"Mimi nimekosa chura tu, Mwalimu. Panya na mjusi ninao. Nitakufaje? Na nyasi hazili chura. Zimekaa kwa sababu ni uzi mmoja, tumevutana."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Kwa uzi mmoja mrefu, ningemtoa yeyote yule, wote wangekaa. Miaka mitatu nafundisha hivyo, na watoto wameenda nyumbani na huo uongo wangu.

Nikamwomba mkaguzi dakika kumi. Nikachukua mkasi, nikakata uzi vipande vipande, kila mlaji na chakula chake kipande chao. Sheria mpya: unakaa pale tu ambapo nyuzi zako zote za chakula zimeanguka. Chura akaachia zake. Nyoka akabaki mikono mitupu, akakaa. Mwewe akasimama na mbili.

Kisha nikawauliza watoto panzi watakuwaje, adui yao mmoja akiondoka. Wataongezeka, wakajibu wa ukutani. Nikaita panzi wengine wanne. Nyasi, kijana mnene mchekeshaji, alipoona midomo mitano inamzunguka, akaanza kuchuchumaa polepole, na panya akalalamika kwamba panzi wanammalizia chakula. Darasa lilicheka, lakini lilielewa.

Kengele ilipolia, mkaguzi alimwinamia Swali akamuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Nilimuahidi Mwalimu nitanyamaza hadi uondoke."

Mtoto wa watu hakuwa na hila yoyote. Nikawahi kusema kwamba ndiyo, mimi ndiye niliyemkataza, kwa kumwogopa mkaguzi.

Hakukunja uso. Alijaza fomu, akanipa nisaini. Penye kuuliza kama wanafunzi huuliza maswali, aliandika: *Mmoja, baada ya kuruhusiwa.* Na chini yake: kuthibitishwa kumeahirishwa muhula mmoja.

"Ningekupa leo," akasema, "lakini nataka kurudi nikute wanaouliza wako kumi."

Nilisaini. Iliniuma, na nilijua nitamwambia mama nini.

Swali alikuwa bado sakafuni, anaokota vipande vya uzi.

"Mwalimu, nimekuharibia?"

"Hapana. Nimejiharibia mwenyewe. Una lingine?"

Alisitasita, kwanza akauangalia mlango kama mgeni kweli ameondoka. Hilo liliniuma kuliko fomu.

"Mjusi naye anakula panzi. Panzi wakijaa, si mijusi nao wataongezeka? Basi nyasi zitarudi?"

Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia apange kadi upya tuone.