Fungu la Huduma

Muzee Ézéchiel alipokimbia vita kule Masisi, wenzake walibeba magodoro na masufuria. Yeye alibeba jembe. Tangu hapo jembe hilo linalala chini ya kitanda nyumbani kwa binti yake Bénita, kule Mabanga, mtaa wa mjini ambako chini ni mawe meusi ya volkano na hata mchicha huota kwa kubembelezwa. Kila Jumamosi hulitoa, hulipaka mafuta ya mawese, hulitazama, halafu hulirudisha. Siku nyingine zote huketi kando ya njia na kuuza makala, yaani makaa ya kupikia, kwa mafungu madogo.

Mwaka huu alikuwa na sababu ya kulipaka mafuta kwa moyo mmoja. Mradi mmoja wa wafadhili ulitangaza kwamba huenda ukawakodishia waliokimbia vita mashamba upande wa Kibumba, na mbegu za viazi juu yake. Sharti lilikuwa moja: katika jimbo, zaidi ya nusu ya watu wenye kazi wawe wakulima. Wakipungua hapo, fedha zitakwenda kwenye biashara ndogondogo. Na kabine, yaani ofisi ya utafiti, iliyopewa kazi ya kuhesabu ni ileile ya Keshero anakofanya kazi Bénita.

Basi mtu asiseme Bénita hakujua. Alijua tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana nyumba yao ilipoangukiwa na kura ya kuhojiwa alikataa kuishika yeye, akamwachia mwenzake Joviale.

Kazi ya Bénita ilikuwa kusoma majibu yakirudi na kuyapanga katika mafungu matatu: kilimo, viwanda, huduma. Watu hudhani ni kazi rahisi. Mama anayepika kasiksi, pombe ya ndizi, nyumbani, utamweka wapi? Viwanda, kwa kuwa anatengeneza kitu. Mwashi pia yuko viwanda, na kijana anayechimba madini ya koltani yuko hukohuko. Anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ni huduma. Anayechoma makala msituni anahesabiwa pamoja na kilimo, lakini makala yaleyale yakifika Mabanga na kuuzwa kwa mafungu, muuzaji ni huduma. Na juu ya yote kuna kanuni moja isiyo na huruma: hesabu kazi ambayo mtu ameifanya wiki iliyopita, si ile anayojiita.

Hapo ndipo waliotoka Masisi walipokosea, wote kwa namna ileile. Ukiwauliza kazi, wanajibu kilimo. Wanauza sabuni, wanafua nguo za watu, wanabeba mizigo sokoni, na bado wanajibu kilimo. Kwao shamba ni ukoo, halikomi kwa sababu mtu amefukuzwa. Joviale aliandika alichoambiwa, na Bénita akamrudishia karatasi baada ya karatasi ili akaulize upya. Ya baba yake ilikuwamo. Joviale akaja jioni, akaketi kwenye kibao mbele ya muzee, naye Bénita akabaki jikoni akisikiliza.

"Muzee, ile wiki imepita, mulilima?"

"Nilime wapi, mama? Ku mawe?"

"Basi mulifanya kazi gani?"

"Miye niko mulimaji. Niliisha kukuambia."

"Najua, muzee. Lakini ku ile wiki, mulifanya nini?"

"Niliuzisha makala," alisema muzee. "Lakini makala haiko kazi yangu. Iko njaa tu."

Joviale aliandika huduma. Ilikuwa sahihi, na Bénita aliona haya kana kwamba amemwibia baba yake.

Matokeo yalipotoka, kilimo kilikuwa asilimia arobaini na moja. Katika uchunguzi wa kabla ya vita kupamba moto kilikuwa sitini na mbili. Viwanda vilikuwa tisa, sasa kumi na tatu. Huduma zilikuwa ishirini na tisa, sasa arobaini na sita. Mjumbe wa mradi, bwana Wenceslas, alikuja kutoka Kinshasa na shati jeupe, akazitazama tarakimu hizo ukutani, akatabasamu. Tabasamu lile Bénita hajalisamehe mpaka leo.

"Huu ndio mwendo wa nchi zote zinazoendelea," alisema. "Watu wanatoka shambani, wanaingia kwenye huduma. Jimbo lenu linabadilika."

"Papa, hawakutoka, walifukuzwa," alisema Bénita. Hakuwa ameombwa kusema. "Hao wa huduma ni walimaji wanauzisha makala. Tuliwauliza pia walikuwa wanafanya nini mbele ya kukimbia. Karibu nusu yao walikuwa na shamba."

"Na jedwali hilo liko wapi?"

Mkuu wa kabine, Papa Buhendwa, mtu wa Bukavu asiyependa kelele mbele ya wageni, alikohoa. "Liko ku nyongeza, mwisho wa ripoti."

Wenceslas aligeuza kurasa mpaka mwisho, akalisoma. Hakuwa mtu mbaya, alilisoma lote. Kisha akasema mkataba hauulizi watu walikuwa nani, unauliza wanafanya nini. "Mama Bénita, kanuni ya wiki moja, mliikosea?"

"Hapana."

"Nikikuambia uwarudishe kilimo, utaandika?"

Chumba kizima kilimngojea. Alimwona baba yake na jembe lake. Alizijua karatasi zote. Angeyaacha majibu kama yalivyokuja mara ya kwanza, kilimo kingepita nusu na kubaki na cha ziada. Lakini angekuwa amewahesabu watu kwa kazi ambayo hakuna aliyeifanya.

"Siwezi," alisema.

"Basi," alisema Wenceslas kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko ukali.

Nyumbani alimweleza baba yake yote. Muzee alisikiliza huku akipanga mafungu yake ya makala. Hakugomba. Laiti angegomba!

"Kwa hiyo Kibumba hakuna."

"Hakuna, baba."

"Ni sawa. Ulifanya kazi yako." Akapangusa mikono kwenye suruali, akaingia ndani.

Mradi ulikuja kweli, na biashara yake. Muzee Ézéchiel aliketishwa ukumbini pamoja na wazee wenzake, akafundishwa kumchekea mteja. Alipewa mwavuli mkubwa wa rangi ya machungwa, mizani, na mtaji wa magunia machache. Biashara ilishika, haikumtajirisha, lakini ilishika. Jumamosi moja Bénita alitambua kwamba jembe halijatolewa. Jumamosi iliyofuata pia. Alipoinama chini ya kitanda alilikuta limeshika kutu, na juu yake baba yake amerundika magunia matupu.

Mwaka uliofuata kabine ilirudia uchunguzi katika nyumba zilezile. Joviale akaketi tena kwenye kibao kilekile, chini ya mwavuli safari hii, naye Bénita akasimama mlangoni.

"Muzee, muko nafanya kazi gani?" aliuliza Joviale, akiwa tayari kwa mabishano.

"Niko nauzisha makala," alijibu muzee, bila hata kuinua kichwa, huku akimpimia mteja.

Joviale akaandika, akamwinulia Bénita kidole gumba. Mara hii hakukuwa na kitu cha kurudisha. Bénita aliingia jikoni, akafunga mlango, akalia.