Lupango ya Kolwezi

Mwaka ule shaba ilianguka bei hadi chini kabisa, na Kolwezi nzima ikaanguka nayo. Migodi ilifunga milango mmoja baada ya mwingine. Adolphine, aliyekuwa karani katika kampuni moja ya upande wa Kingamyambo, aliachishwa kazi mwezi wa pili akiwa na barua ya shukrani na gunia la unga. Shukrani hazipiki ugali, lakini unga ulimfikisha mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu mzee Kabongo, tata Kabongo kwa lugha ya pale, akampa kazi.

Tata Kabongo alikuwa na shamba kubwa pembeni ya mji, lenye cheti halali cha serikali, certificat d'enregistrement, si vile vikaratasi vya mtaani ambavyo watu huuziana leo na kupigania kesho. Alitaka kulikata vipande arobaini, kila kipande na namba yake na cheti chake, halafu auze. Tatizo lilikuwa moja tu: Kolwezi hakukuwa na mtu mwenye dola mfukoni.

"Bale benye kuko inje banazo," alisema Adolphine.

"Nani inje?"

"Bantu yetu, tata. Beko ku Zambia, ku Dar, ku Afrika ya Kusini. Banatumika kazi. Tubaandikie e-mail."

Tata Kabongo alikuna kidevu. Mpima ardhi, ambaye pale wote humwita géomètre, alikuwa hataki kutia mguu shambani mpaka apate malipo ya wateja watano wa kwanza, na alikuwa amewapa hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ijumaa ikipita, anahamishia vyombo vyake kwa mtu mwingine, na ofisi inafungwa. Adolphine alishafungiwa mlango mmoja mwaka ule. Wa pili asingeuvumilia.

Orodha ya anwani ililetwa na Swedi, dereva wa malori aliyekuwa akienda Dar es Salaam na kurudi miaka kumi, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Tata Kabongo alitaka barua iwe ya Kifaransa, kwa heshima. Adolphine akakataa. Hawa ni makanika na madereva, alisema, Kifaransa chao kimeshaota kutu. Tuwaandikie Kiswahili cha nyumbani, wakisoma wamsikie mama akiwaita. Akaandika kwa mkupuo mmoja, moyo ukimdunda kwa furaha, na akajipenda sana aliposoma alichoandika:

"Bandugu benye kuko ku kazi inje, jambo yenu bote. Lupango yako iko tayari ku Kolwezi. Utalipa mara tatu, dola mia tano mia tano. Ya kwanza, siku ya kusinie contrat. Ya pili, wakati géomètre amekwisha kupanda bornes na kukupa procès-verbal. Ya tatu, siku certificat inatoka na jina yako. Mbele ya ile siku, usilipe ya tatu hata tukikulilia. Ukishaingia mu lupango yako, hautatokamo tena, weye, bibi yako na batoto yako. Serikali yenyewe imetia mukono."

Bornes, yaani mawe ya mipaka, na procès-verbal, hati ya mpima, aliviacha kwa Kifaransa, maana Kolwezi hakuna asiyevijua. Chini akaweka namba ya benki ya kampuni na simu ya ofisi, akabonyeza kabla Swedi hajaiona, barua ikaenda kwa watu sitini na watatu.

Lo, wiki mbili zile! Kila asubuhi Adolphine alifika kwenye cyber kabla mwenyewe hajafungua. Mchimbaji mmoja wa Kitwe alijibu, akasaini, akalipa. Dada wawili wa Lusaka wakafuata. Fundi magari wa Johannesburg akauliza maswali kumi na saba, moja baada ya jingine, kisha akalipa naye. Wateja wanne! Ila kutoka Dar es Salaam, ambako Swedi aliapa kuna watu wenye pesa, kimya. Hata salamu.

Ijumaa yenyewe ikafika. Saa nne asubuhi tata Kabongo aliingia mbio, shati limetoka kwenye suruali, ameshika karatasi ya benki.

"Wa tano! Adolphine, wa tano ametuma! Mia tano, inatoka ku Dar! Tshimanga!"

Adolphine alipiga kelele, akamkumbatia bosi wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na hakulirudia. Swedi, aliyekuwa amekuja kunywa chai ya bure, akaanza kucheza katikati ya ofisi. Wakakimbia wote watatu hadi cyber kutafuta mkataba uliosainiwa. Mkataba hawakuukuta. Walikuta barua.

"Waheshimiwa wakubwa wa Kolwezi, shikamooni. Mimi naitwa Nuru, mke wa Tshimanga. Barua yenu ya lupango nimeisoma mimi, kwa sababu nina duka la stesheneri na barua pepe zake huwa namfungulia mimi. Yeye bado hajui. Sijui alikosa nini huko kwenu hata akaondoka mwaka wa tisini na tatu, hajawahi kuniambia. Lakini ni miaka kumi ninaishi naye na ni mtu mpole. Faini ya kwanza nimelipa, nimeuza cherehani. Zilizobaki naomba mnipe muda. Ila nawasihi, watoto msiwaguse. Na bibi yake mmemtaja ya nini? Ana miaka tisini, hata kusimama hawezi."

Adolphine alisoma mara mbili. "Faini gani? Na bibi yake ni yeye mwenyewe, anaomba nini ju ya bibi?"

Nyuma yake Swedi alikuwa ameshaketi chini sakafuni. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akashika mbavu, akajaribu kusema, akashindwa, akajaribu tena.

"Ku Dar," alisema hatimaye, "lupango njo prison. Ule mama anawaza bwana yake anaitwa mu cellule! Na bibi, kule, ni nkambo, mama ya baba!"

Adolphine aliirudia barua yake mwenyewe kichwani. Jela yako iko tayari. Ukishaingia hutatoka tena, wewe, nyanya yako na watoto wako. Serikali yenyewe imetia mkono. Alitaka ardhi ipasuke immeze. Ndiyo maana Dar nzima ilikuwa kimya. Huenda wengine walikuwa wameshahama nyumba.

Tata Kabongo hakucheka. Aliitazama karatasi ya benki. "Pesa imeingia," alisema taratibu. "Ni Ijumaa. Tumuandikie reçu ya pesa, tulipe géomètre. Tutamuelezea kiisha."

"Apana, tata."

"Adolphine."

"Contrat haiko. Ile mama amelipa ju ya woga. Tukila ile pesa, tuko benyewe bamwizi."

Alisema hivyo akijua vizuri anachokisema: bila wa tano hakuna mpima, na bila mpima hakuna kazi. Tata Kabongo aliikunja ile karatasi ya benki. Kisha akatoa simu yake, yenye salio, akamsukumia.

Namba ilikuwa chini ya barua, na Nuru alipokea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia.

"Mama, usiogope," Adolphine alianza. "Hatuna polisi. Ile lupango ni fasi ya kujenga nyumba."

"Nyumba gani tena?"

"Kiwanja!" Swedi alinguruma kwa nyuma. "Mwambie kiwanja!"

"Kiwanja? Mi nauzisha kiwanja ya ndege?" Adolphine alimgeukia kwa hasira, maana Kolwezi kiwanja ni pale ndege zinapotua.

Lakini Nuru alikuwa amelisikia neno. "Kiwanja?" alisema. "Dada, mnauza viwanja?" Kikasikika kicheko kilichochanganyika na kwikwi, kirefu, cha mwanamke aliyebeba mzigo wiki mbili peke yake. "Mungu wangu! Na mimi nimeuza cherehani!"

"Mia tano tutairudisha leo hii, mama," alisema Adolphine, na kusema kwenyewe kukamchoma. "Kama hautaki, tunairudisha yote."

"Ngoja kwanza. Nipigie saa kumi. Nitamfuata kazini bandarini. Na leo atanieleza."

Saa kumi ilikataa kufika. Ilipofika, sauti iliyopokea ilikuwa ya mwanamume, ya taratibu, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha Kolwezi, kimefichwa muda mrefu.

"Mi ni Tshimanga. Bibi ameniambia bitu bya ajabu. Ni kweli? Munaniuzisha lupango, mi?"

"Ni kweli, tata."

"Unajua bale ba Kasai baliondoka namna gani?"

Adolphine alijua. Mwaka wa tisini na tatu, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Kolwezi, alikuwa darasa la tano. Asubuhi moja nusu ya madawati yalikuwa matupu, na mwalimu hakuwaita majina. Alipopita karibu na gare, stesheni ya treni, aliwaona wenzake wamekaa juu ya vyungu na magodoro, wiki baada ya wiki, wakingoja treni ya kwenda mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kupaona. Aliona aibu wakati ule, na sasa, simu sikioni, aliiona upya.

"Najua, tata. Nilibaona."

Tata Kabongo alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima mwaka ule, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

"Na kama banasema tena tuende?" Tshimanga aliuliza.

Adolphine angeweza kumpa maneno matamu. Alikuwa na sababu zote, na saa ilikuwa inakwenda. "Mambo ya bantu, siwezi kukuahidia, tata," alisema. "Papier, naweza. Certificat itatoka na jina yako, namba ya lupango, na iko inaandikwa mu buku ya conservateur, mukubwa ya ardhi, ku serikali. Kama haijatoka, ile ya tatu hautalipa. Njo ile tu niko nayo."

Akasikia Tshimanga akivuta pumzi. Akasikia Nuru akimwuliza jambo, naye akimjibu kwa sauti ya chini. Kisha akarudi kwenye simu.

"Tuma contrat. Nitasinie leo. Na procuration, barua ya munisimamie kule, nitaenda ambassade Jumatatu, batie muhuri."

Swedi alirusha kofia juu. Tata Kabongo akakimbilia mlangoni kumwita géomètre kabla hajaondoka. Adolphine alikuwa anacheka, lakini fomu ni fomu, akaanza kuuliza: jina kamili, tarehe, hali ya ndoa, namba ya pasipoti. Vyote vilijibiwa haraka.

"Mahali ya kuzaliwa?"

Adolphine alilazimika kurudia.

"Tata? Ni lazima, ju inaingia mu certificat."

"Andika Kolwezi."

Aliandika. Upande wa pili sauti ya Nuru ikapaa, ya mshangao: "Kolwezi? Si uliniambia kwenu ni Mbuji-Mayi, Kasai?"

"Kule ndiko walikotupeleka," alisema Tshimanga. "Kuzaliwa, nilizaliwa Kolwezi. Na weye, mama wa ofisi, soma tena vile umeandika."

Adolphine alimsomea: "Mahali ya kuzaliwa, Kolwezi."