Swali la Tisa

Penye kipengele cha hatari cha fomu ya maombi, muuguzi aliyeomba kibali cha utafiti alikuwa ameandika neno moja: hakuna. Mimi ni mfamasia, na tangu niingie kwenye kamati ya maadili ya utafiti neno hilo hunipandisha mori.

"Hakuna?" nikamwuliza. "Swali la tisa unawauliza wauguzi wenzako kama wanatamani kufa, halafu hakuna hatari?"

Alikaa mwisho wa meza na sare yake ya kazini, kachoka hoi. Alijieleza vizuri, hilo simnyimi: dodoso halina jina, kushiriki ni hiari, karatasi zitafungiwa kabatini, na faili la kompyuta litakuwa na nywila.

"Na mtu akijibu 'karibu kila siku'," mwenyekiti akasema, "utampataje umsaidie?"

Akaanza kulia. Si kile kilio cha kubembeleza kibali, hicho tunakijua.

"Nilishawapa wenzangu wodini," akasema. "Wiki iliyopita, kuyajaribu maswali tu. Mmoja kajibu hivyo. Niliwaahidi sitajua nani kaandika nini. Naombeni ruhusa nilinganishe mwandiko."

Alikusanya majibu kabla ya kibali, na kibali hakihalalishi yaliyokwishafanyika. Mwanasheria wetu, ambaye hajawahi kupitwa na nafasi ya kukaripia, alikwishavuta pumzi. Nikamkata jicho, akafunga mdomo.

"Mwandiko hapana," mwenyekiti akasema. "Ukiivunja ahadi hiyo, hakuna atakayesema ukweli tena wodini, hata huyo mwenyewe. Utafiti umesimama. Majibu hayo hutayatumia. Yalete tuyafungie hapa. Mshauri nasaha aende leo hii, aonane na wote, asichaguliwe mtu."

Nilimsindikiza mshauri. Wauguzi walitupokea kwa mizaha.

"Sisi wazima, mama! Labda mtuongezee usingizi."

Waliingia mmoja mmoja kwenye chumba cha dawa, wakatoka na kadi yenye namba ya simu. Mmoja, mcheshi kuliko wote, alikawia sana. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Jamani," akawaambia wenzake, "mimi siko sawa. Siku nyingi siko sawa. Nishikieni zamu."

Wakamkumbatia. Mshauri akaondoka naye. Mimi nilikaa kwenye benchi la korido nikamshukuru Mungu.

Yule mwombaji wa kibali alisimama kando yangu. Nikamshika mkono.

"Tumempata, mwanangu."

Akatikisa kichwa.

"Mama, yule wiki iliyopita alikuwa likizo. Hakujaza karatasi."

Mbele yetu wenzake walikuwa wanagawana zamu, wanataniana nani anakoroma akiwa amesimama. Niliwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa wanacheka.