Mshale Hachimbi Dawa

Abiria walimwita Mshale, na jina lilimkaa. Akishaachia breki alfajiri, basi lake halisimami mpaka stendi ya mwisho, labda trafiki amsimamishe. Aliyeomba ashuke kuchimba dawa, yaani ajisaidie kichakani, alijibiwa kwa neno moja tu: "Kaza!" Basi zima hucheka, mwombaji hujikunja kitini. Siku moja bibi mmoja alishindwa kukaza. Alishuka mwisho wa safari kajifunga shuka kiunoni, machozi yanamlenga, na Mshale akalalamikia harufu. Ndivyo alivyokuwa, mimi simpambi.

Ila haki yake apewe: alichowanyima wengine alijinyima na yeye. Tumbo likimwita njiani, alibana. Likimwita tena, alibana tena, mpaka likachoka kuita. Maji alikunywa mafunda mawili matatu, yasije yakamsumbua. Akirudi nyumbani hujifungia chooni, akasukuma kama anayesukuma gari bovu, na kinachotoka ni kokoto. Tajiri, mwenye mabasi, alimsifu mbele ya madereva wote na kumwahidi basi jipya likifika. Basi hilo Mshale alilitaka kuliko kitu chochote duniani.

Damu ilipoanza kutoka, nyekundu mbichi, alimgeukia mkewe.

"Ni pilipili zako hizi! Unaniua!"

Mke akaacha pilipili. Damu haikuacha. Kisha kinyama kikaanza kuchungulia kwa nyuma, na Mshale akawa anaendesha amekalia paja moja. Mke alipomwambia aende hospitali, alifoka kwamba hawezi kumvulia suruali mtoto wa watu.

"Basi endelea kukaa upande," mke akasema. "Mimi na pilipili zangu tumeshajitoa."

Mwisho Mshale akaenda. Daktari alikuwa binti rika la mwanawe wa kwanza. Alivaa glavu, akamlaza ubavu, akampima kwa kidole bila kucheka, na Mshale alitazama ukuta kwa hasira za kuonewa.

"Mzee, hii ni bawasiri. Mishipa ya damu pale kwenye njia ya haja imevimba. Ukisikia haja kubwa, unaenda?"

"Niko barabarani, daktari. Nabana."

"Hapo ndipo ilipoanzia. Choo ukikizuia, utumbo unakinyonya maji, kinakauka. Ukija kwenda unasukuma kwa nguvu, mishipa inavimba, inatoa damu. Na kukaa kutwa kitini hakukusaidii."

"Si pilipili?"

"Pilipili inakuwasha tu. Haikukuletea."

Akamwambia anywe maji ya kutosha, ale mboga na matunda, akalie beseni la maji ya uvuguvugu, na chooni asikawie. "Na haja ikikuita, nenda. Kinyama kisiporudi, itabidi kukata."

"Yaani mimi, Mshale, nisimamishe basi nichimbe dawa?"

"Si ndiyo dawa yenyewe hiyo, mzee. Miaka yote umeikataa."

Nyumbani Mshale alizungukazunguka jikoni, hajui msamaha unaombwaje.

"Weka pilipili," akasema mwisho.

"Weka mwenyewe," mke akajibu.

Safari iliyofuata alisimamisha basi katikati ya njia, akawa wa kwanza kushuka. Abiria walishangaa, kisha wakamfuata mbio. Safari nyingine vilevile. Haikuchukua muda tajiri akamwita.

"Nasikia basi langu linasimama kila kichaka."

Ugonjwa wenyewe Mshale aliona aibu kuutaja. "Abiria wanaomba, bosi."

"Wewe umeanza lini kuwasikia abiria?"

Basi jipya akapewa msaidizi wa Mshale, dereva ambaye Mshale mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, tangu kukata kona mpaka kuwajibu abiria. Mshale alilia siku hiyo, na hakujificha.

Damu ilipungua, lakini kinyama kiligoma kurudi. Akapangiwa upasuaji hospitali kubwa, mji wa mbali, na usafiri wa huko ulikuwa basi lile jipya. Akapanda na mkewe, kiti cha nyuma. Katikati ya njia tumbo likamwita, sauti ya kweli, kwa kuwa maji na mboga vilishafanya kazi yake. Akasogea mbele akishikilia viti.

"Dereva, simamisha kidogo. Nichimbe dawa."

Msaidizi wake wa zamani alimwona kwenye kioo, akatabasamu kwa heshima zote.

"Mwalimu wangu! Kaza!"

Basi zima likacheka. Mshale akarudi nyuma polepole, mapaja ameyabana, akaketi kwa paja moja. Mkewe hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa shuka, akamwekea magotini.