Nyumbani ni Tawi Gani?

Siku Calvin alipoichapa chati nzima ya akaunti za kampuni na kuibandika ukutani, karatasi zilianzia mlangoni zikafika dirishani, na bado nne zikakosa pa kukaa. Bernadetha, mhasibu wa kampuni, alisimama akazitazama, kikombe cha chai mkononi. Akaunti mia saba na kumi na mbili. Zote alizizaa yeye, moja moja, kwa zaidi ya miaka ishirini, na leo mtoto wa watu amezianika kama nguo za wagonjwa.

"Mama, samahani," alisema Calvin, maana alikuwa na adabu hata pale anapokaribia kukukosoa. "Naona mafuta ya magari yako mara tano."

"Matawi ni matano."

"Na umeme mara tano. Na chai ya wafanyakazi mara tano."

"Kwani hao wanakunywa kwa zamu?"

Gladness, karani wa malipo, alicheka akajificha nyuma ya kompyuta yake. Calvin naye alicheka. Alizaliwa Old Moshi, akakulia Dar, na sasa kampuni ya Mama Theodora ilikuwa imemwajiri kwa miezi minne kuwasimikia mfumo mpya wa hesabu. Kampuni yenyewe ni ya pembejeo: mbolea, mbegu, dawa za kahawa, pumba za ng'ombe. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la Mawenzi, mjini, na harufu ya pumba ilipanda ngazi bila kuomba ruhusa.

Katika programu ya zamani, kila akaunti ilibeba tawi lake mkiani. Ukitaka kufungua tawi, unakaa chini unanakili akaunti zote mia moja arobaini na mbili, unabadilisha tarakimu mbili za mwisho. Mara tano mia moja arobaini na mbili ni mia saba na kumi. Zile mbili zilizozidi hakuna aliyekumbuka zilikuwa za nini.

"Tunazipunguza," Calvin alisema. "Akaunti ijibu swali moja tu: hiki ni nini? Mafuta ni mafuta, namba moja, basi. Nani kayatumia, hilo litajibiwa na kituo cha gharama: duka, ghala, magari, kila kimoja na mtu wake wa kuulizwa. Halafu kila kituo cha gharama kikae chini ya kituo kimoja cha faida. Tawi la Himo ni kituo cha faida, kwa sababu pale mauzo na gharama zake zinakutana. Hapo ndipo unajua nani anapata na nani anakula hasara."

Nani anakula hasara, hilo lilijulikana bila mfumo. Mama Theodora alikwisha kutamka mwezi wa kwanza kwamba hesabu za miaka mitatu zitahamishiwa kwenye mfumo mpya, na tawi litakalotoka na hasara miaka yote mitatu litafungwa ifikapo Juni. Hakulitaja jina. Tawi la Uru lilikuwa na hasara mwaka wa kumi na moja mfululizo.

Na Uru ndiko yote yalikoanza. Mwaka tisini na tano palikuwa na chumba kimoja ubavuni mwa nyumba ya Mama Theodora, na Bernadetha, msichana wa miaka ishirini na minane, akiandika kwenye leja kubwa ya mgongo mwekundu. Asubuhi ukungu uliingia hadi mezani. Wanawake walitua mizigo ya majani mlangoni, wakanunua kilo mbili za pumba, wakakaa saa nzima kusimulia. Kahawa ikiuzwa vizuri, watu walilipa madeni wakiimba. Alipapenda mahali pale kuliko alivyowahi kupenda sehemu nyingine yoyote ya kazi, na hakuona haya kulisema.

Kompyuta ilipokuja mwaka elfu mbili na tatu, likafunguliwa duka la mjini, programu ikamuuliza jina la tawi namba 01. Angeweza kuandika Uru. Akaandika Nyumbani. Ilimjia tu, akaipenda, akaiacha.

Mwezi wa tatu Calvin alikuwa amefikia jedwali la kuhamisha, lile la kuonyesha kila akaunti ya zamani inakwenda akaunti gani mpya na kituo gani. Walikaa watatu mezani. Mawenzi, Himo, Old Moshi na Boma zilipita bila maneno.

"Hii 01 imeandikwa Nyumbani," alisema. "Nyumbani ni tawi gani?"

"Uru," alisema Bernadetha.

"Makao makuu," alisema Gladness, kwa wakati uleule.

Wakatazamana. Chini dukani mtu alikuwa anabishana bei ya dawa ya salfa.

"Gladness," Bernadetha alisema taratibu, "ukiandika Nyumbani kwenye vocha ya malipo, unamaanisha nini?"

"Si hapa, Mama? Ofisini. Vitu vya Mama Theodora na ofisi. Aliyenifundisha alisema Nyumbani ni kwa mwenye mali. Mimi nilikuta hivyo."

"Leta faili la Februari."

Likaletwa. Mishahara ya walinzi wa ghala la mjini: Nyumbani. Ada ya mkaguzi wa hesabu: Nyumbani. Makato ya benki: Nyumbani. Matairi manne ya gari la Mama Theodora: Nyumbani. Katikati yake, kama mgeni aliyekosea msiba, umeme wa Uru, shilingi elfu thelathini.

Bernadetha alivua miwani. Ofisi ilipohamia mjini, mwaka elfu mbili na kumi na nne, yeye mwenyewe alikataa kuyapa makao makuu namba yao, kwa sababu ilimaanisha kunakili tena akaunti mia moja arobaini na mbili. Alimwambia karani wa wakati huo kwa mdomo: za ofisi weka Mawenzi. Kwa mdomo! Mhasibu mzima! Karani akaondoka, akamwachia mwenzake alichoelewa, naye akamwachia Gladness alichobaki nacho.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya ni kwamba taarifa zilipita mikononi mwake kila mwezi, akaona hasara ya Uru, na asifungue hata vocha moja. Hakushangaa, ndiyo sababu. Aliona mibuni inang'olewa, vijana wanashuka mjini, vihamba, mashamba ya ukoo, vinabaki na wazee, akajisemea ndivyo mambo yanavyokwisha. Hasara ilimpa huzuni, na huzuni ikamtosha kama maelezo. Namba ikifanana na unachokiogopa, huoni haja ya kuihakiki.

"Nikilihamisha hivi lilivyo," Calvin alisema kwa sauti ya chini, "01 yote inakuwa Uru, na Uru inafungwa. Nikilihamisha kama asemavyo Gladness, umeme na mishahara ya Uru inakwenda makao makuu, na Uru itang'aa kwa uongo. Vyote viwili ni makosa, Mama."

"Tutafungua vocha."

"Za miaka mitatu?"

"Kwani wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Iliwachukua wiki tatu. Kila gharama ya 01 ilitazamwa upya na kupewa kituo chake. Makao makuu yakapata kituo chao cha faida, na chini yake vituo vya gharama vitatu: utawala, ghala na magari. Gharama hizo wakakubaliana zigawiwe matawi yote kwa vipimo vinavyoeleweka: magari kwa kilomita, ghala kwa magunia ambayo tawi limechukua, utawala kwa ukubwa wa mauzo. Kila tawi lionyeshwe mara mbili, kabla ya mgawo na baada yake, ili meneja asiulizwe jambo ambalo hakuliamua. Na gharama isiyo na kituo, mfumo uigomee.

Jibu lilipotoka, Mawenzi, iliyozoea kupigiwa makofi kila Desemba, ilishuka. Uru, mwaka uliopita, ilipata milioni thelathini na moja kabla ya mgawo, na milioni tisa baada ya kubeba fungu lake. Miaka miwili ya nyuma vilevile, faida, kidogo zaidi.

Bernadetha aliingia kwa Mama Theodora peke yake. Hakumtaja Gladness wala karani wa kwanza. Alisema kosa ni lake, la jina na la kutofungua vocha, na kwamba kama ni kustaafu sasa, bila kungoja muda wake wa mwakani, yuko tayari.

Mama Theodora, mwenye miaka sabini na mbili na ulimi usiozeeka, alisoma karatasi hadi mwisho. "Kwa hiyo gari langu lilikuwa linalishwa na Uru."

"Ndiyo, Mama."

"Miaka kumi na moja."

"Ndiyo, Mama."

"Na kila Desemba namwita Wenseslaus hapa, namsimamisha, namuuliza hasara ameitoa wapi." Akaiweka karatasi chini. "Barua za kumwita nani alikuwa anaziandika?"

"Mimi."

"Basi kustaafu ngoja. Nenda kwanza Uru."

Alipanda Jumamosi. Uchagani, ukimkosea mtu kosa kubwa, humwendei na maneno matupu. Unamwendea na jani la isale, na akiliona hana njia ya kukunyima msamaha. Bernadetha alilikata kwenye mpaka wa kihamba cha baba yake, akalifunika kwa khanga, akaenda.

Wenseslaus, meneja wa Uru, alikuwa nyumbani kwake nyuma ya duka, anakatia ng'ombe migomba. Alipoliona jani alisimama na panga mkononi.

"Berna, kuna nini? Mmeshatufunga?"

Akamweleza yote, amesimama, bila kupamba. Neno Nyumbani. Vocha. Matairi. Kwamba tawi lake halijawahi kula hasara katika miaka waliyoihesabu, na ya nyuma yake huenda ni hivyo hivyo. Kisha akanyoosha isale kwa mikono miwili.

Wenseslaus hakulipokea. Aligeuka akaita, "Mama Daniel! Hebu njoo."

Margareta, mkewe, alitoka jikoni anafuta mikono.

"Mwambie na yeye," alisema Wenseslaus. "Anza mwanzo."

Bernadetha akarudia. Safari hii sauti ilimkatika mara mbili. Margareta alisikiliza hadi mwisho, macho hayako kwa mgeni, yako kwa mumewe.

"Uliniambia," alimwambia. "Mwaka wa kwanza uliniambia hesabu zile si za kwako. Mbona ukaacha?"

"Nilianza kuziamini."

Kuku walipita kati yao wakichakura maganda ya migomba. Margareta alishusha pumzi, akamgeukia Bernadetha, naye akaongea bila hasira, na heri angekuwa nayo.

"Daniel alimaliza chuo cha kilimo, akataka kukaa hapa. Akamwomba baba yake amwingize dukani. Baba yake akamwambia, usije ukazikwa pamoja na duka linalokufa. Yuko Dar mwaka wa saba sasa, anaendesha bodaboda."

Kwa hilo hapakuwa na akaunti ya kurekebisha, na Bernadetha, ambaye maisha yake yote alijua pa kuweka kila kitu, alibaki amenyoosha mikono.

Margareta akalipokea isale. "Tumepokea," alisema, kama mila inavyotaka, kisha akatoa simu kwenye mfuko wa aproni na kumpa mumewe.

Wenseslaus aliishika muda mrefu kabla ya kubonyeza. Ilipopokelewa hakusalimu wala hakuuliza habari za huko.

"Daniel," alisema, "duka lilikuwa linapata."