Picha Yao Wawili

Mama na mkwewe walipanda ngazi za studio bila kusemezana. Jumapili ndugu na majirani wangekusanyika nyumbani kumkumbuka marehemu, binti wa mmoja na mke wa mwingine, aliyefariki akijifungua. Mkwe alikuwa amejaribu kutengeneza video ya picha za marehemu kwa simu. Ikazua maneno.

"Nilipoiona nilitoka sebuleni," mama alimwambia mhariri wa video, mwanamke wa makamo aliyewasogezea viti karibu na kompyuta. "Mwanangu hakuwa na uso wa sufuria."

Mkwe aliinamisha kichwa.

Mhariri akaifungua video na kuelewa mara moja. Skrini ni ya kulala, pana kuliko urefu wake, picha nyingi za simu ni za wima, na mkwe alikuwa amezivuta upande mpaka zikajaa.

"Ukivuta upana peke yake, mtu ananenepa," alisema kwa upole. "Upana na urefu vinakua pamoja. Nipeni picha zenyewe, tuanze upya."

Akazipanga upya, kila moja kwa umbo lake. Zile za wima zikakaa katikati, nyembamba, zimebanwa na weusi kushoto na kulia. Mama alipoona ya kwanza akashika kifua.

"Hapana. Toa. Umemweka ndani ya sanduku."

Mhariri hakubishana, akaitoa. Za zamani, zilizokaribia mraba, alizikuza kidogo. Kikapotea kipande cha dari na cha sakafu, hakuna aliyekisikitikia. Za wima alizipanga mbili mbili, bega kwa bega: marehemu na sare ya shule pembeni ya marehemu na sare ya uuguzi. Hapo mama akacheka kidogo. "Tazama, alivyokuwa anajiona!" Kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Ikabaki moja isiyokuwa na mwenzake. Marehemu amesimama kwenye korido ya hospitali, ukuta wa kijani nyuma yake, anatabasamu, mkono juu ya tumbo lililofika mwezi wa tisa.

Mhariri akaikuza mpaka ikajaza skrini. Ikaonekana sehemu isiyofika hata nusu yake. Ukiweka uso, tumbo linakatika; ukiteremsha, uso unapotea.

"Weka uso," mama alisema.

"Hapana, mama," mkwe akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

"Watu wanakuja kumwona mwanangu. Tumbo la nini?"

"Mtoto yuko humo."

Tangu mazishi ya marehemu na kichanga chake, nyumbani hakuna aliyekuwa akimtaja mtoto. Mama ndiye aliyetaka hivyo, na mkwe alitii.

"Hatuna picha yake nyingine," mkwe aliendelea. "Hiyo ndiyo picha yao pekee wakiwa wawili. Usimkate, dada. Nakuomba."

Mhariri alimtazama mama. Mama alikuwa akitazama dirisha. Basi akajaribu njia ya tatu: picha ianzie tumboni, ipande polepole mpaka usoni. Walitazama. Uso ulipoingia, tumbo likashuka chini na kutoweka.

"Anaondoka tena," mama alisema. Mkwe aligeuka kumtazama.

Mhariri aliirudisha picha nzima katikati. Akachukua nakala yake, akaiweka nyuma, akaikuza mpaka ikafunika skrini yote, akaitia ukungu, akaipunguza mwanga kidogo. Weusi ukatoweka. Kushoto na kulia kukawa na ukijani hafifu wa ukuta ule ule, kana kwamba korido ni pana na ina nafasi. Katikati alisimama yeye, mzima, kichwa mpaka viatu, mkono juu ya tumbo.

Mama akasogeza kiti karibu na skrini.

"Ikae sekunde ngapi?" mhariri aliuliza.

"Zaidi ya zingine," mama alisema. "Muache kidogo."

Mkwe akajikaza. "Tulishamchagulia jina, mama. La kwako."

Mama alifumba macho. "Mbona hukuniambia?"

"Tulikuwa hatumtaji."

Mama alinyoosha mkono, akamshika mkwewe kifundo cha mkono, akakaa hivyo muda mrefu. Mhariri akajifanya anahangaika na kipanya.

Jumapili sebule ilijaa, wengine walisimama mlangoni. Picha ya korido ilipotokea, jirani mmoja akanong'ona, "Maskini, peke yake hapo."

"Si peke yake," mama alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Hapo yuko na mjukuu wangu." Akalitaja jina. Ndipo akaanza kulia, na mkwe akahamia kiti cha karibu naye.